Mbao Sita za Dekonte Namba Tano

Papa Symphorien alikuwa mtu wa kuchosha. Nalisema hilo kwa haki, maana nilikaa naye biro moja miaka kumi na mmoja, meza yangu ikitazama meza yake. Ukimwambia mvua imenyesha, anauliza imenyesha mtaa gani na ilianza saa ngapi. Ukimwambia umenunua samaki kumi, anawahesabu, halafu anakuomba radhi kwa kuwahesabu. Mara nyingi nilitaka kumrushia kitu. Leo namkumbuka na nasikia uchungu, na uchungu wenyewe siuelekezi kwake.

Mimi ni Denise, nilikuwa mpiga mashine wa biro ya ujenzi ya masista pale Kalemie. Miaka ile ya Zaire majina ya ubatizo yalikatazwa, kwa hiyo kwenye makaratasi ya serikali yeye aliitwa Citoyen Kilumba, yaani raia Kilumba. Kwetu aliendelea kuwa Papa Symphorien, mtoto wa Mpala, mume wa Mama Pascasie, na mhakiki wa hesabu za majengo.

Kazi yake ilikuwa hii. Kila mwezi mkandarasi anayejenga analeta dekonte, yaani karatasi ya kudai malipo ya kazi aliyoifanya. Symphorien anachukua futi yake, anakwenda kupima kuta, anahesabu vifaa vilivyofika, anarudi kukagua namba. Akiridhika anaandika chini, "Imeonekana, imehakikiwa," anatia saini na mhuri. Mimi napiga nakala safi. Sista Élisabeth, mkubwa wetu, anasaini sheki. Sista alikuwa mwema, lakini hesabu zilimpa kizunguzungu. Hakusoma namba. Alitafuta saini ya Symphorien tu, akiiona anachukua kalamu.

Mwaka wa themanini na tano tulikuwa tunajenga nyumba ya wazazi huko Lubuye, ili wanawake waache kuzalia kwenye jengo la zamani lililokuwa linavuja. Wafadhili wa Ulaya walitoa zaire milioni nane. Mkandarasi aliitwa Apollinaire, na hapo lazima nieleze, maana bila hiyo hakuna kitu cha kueleza. Apollinaire na Symphorien walizaliwa Mpala wote wawili, walibatizwa siku moja, walikaa benchi moja kwa mapadri. Symphorien alipooa, Apollinaire ndiye aliyesimama naye kanisani kama msimamizi. Waliitana "ndugu yangu" mbele za watu na hata wakiwa peke yao. Apollinaire alikuwa mtu wa kucheka, mwenye mikono mipana, anayekuulizia hali ya mama yako kwa jina lake. Mimi nilimpenda. Sioni aibu kusema, kila mtu alimpenda.

Na undugu haukumfanya Symphorien alegeze kamba. Dekonte namba moja aliirudisha mara mbili kwa sababu ya mchanga. Apollinaire alicheka tu, akasema, "Huyu muntu, hata siku ya kufa kwake atahesabu misumari ya sanduku."

Tulicheka wote. Sista pia alicheka.

Mkataba wenyewe hata mimi nilikuwa nimeuelewa kwa kuupiga mashine. Mwanzoni kabisa mkandarasi alipewa avansi, zaire milioni moja na elfu mia sita, ili anunue saruji ya Kabimba na mafuta ya lori lake. Ile haikuwa zawadi. Ilipaswa kurudi kidogo kidogo: katika kila kazi ya zaire mia, masista wanakata ishirini, mpaka avansi iishe. Tena wanakata kumi nyingine na kuzishika kama dhamana, ili nyumba ikija kupasuka kuta mkandarasi asiwe amekwenda zake na pesa zote. Kwa hiyo kazi ya zaire mia inalipwa sabini. Mtu angeniamsha usingizini na kuniuliza, ningemjibu: mia, sabini.

Symphorien alikuwa na namna yake ya kukagua, na alinifundisha hata nisipotaka kufundishwa. "Denise, usihesabu mwezi," alikuwa anasema. "Hesabu tangu musingi. Chukua kazi yote tangu siku ya kwanza, kata dhamana ya yote, kata avansi ya yote, halafu ondoa kila kitu walichokwisha kulipwa. Kinachobaki njo haki yao ya leo." Alisema ukihesabu hivyo, hata kama mwezi uliopita ulikosea, mwezi huu unajirekebisha wenyewe. Nilikuwa naitikia huku nikifikiria mboga za nyumbani.

Dekonte tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Kazi tangu msingi ilikuwa imefika milioni tatu, na Apollinaire alikuwa amelipwa milioni mbili na elfu mia moja. Mia, sabini.

Mwishoni mwa Mei Mama Pascasie alifariki. Aliugua siku nne tu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache, anayetuletea ndizi biro kila Jumamosi na kumkemea mumewe kwa upole anapozihesabu. Symphorien alikaa kwenye mkeka mbele ya nyumba yake kama mtu aliyesahau miguu inafanya kazi gani.

Mwezi ule mshahara ulikuwa umechelewa, na ndani hamkuwa na pesa ya sanduku. Ndipo Apollinaire alipofika na gari lake. Alileta mbao sita za mulombwa, nyekundu, kavu, zimenyooka, mbao ambazo watu wa kawaida huziona kwenye milango ya kanisa. Alileta na seremala wake. Yeye mwenyewe alishika msumeno, akilia bila kujificha. Sanduku lile lilikuwa zuri kiasi kwamba wanawake walikuja kuligusa kwa mkono.

Kwetu matanga yana kaye, daftari la shule ambamo mtu mmoja anaandika kila kilicholetwa: nani kaleta unga, nani kaleta zaire hamsini, nani kaleta kuni. Siyo kwa ubaya. Ni ili siku yule aliyeleta akifiwa, na wewe uende na cha kufanana nacho. Niliyeshika kalamu siku ile ni mimi. Niliandika kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa: "Papa Apollinaire, sanduku." Nikapiga mstari chini yake, kwa heshima.

Siku ya tatu ya matanga, saa nne asubuhi, Apollinaire alirudi na faili kwapani. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliinama mpaka kwenye mkeka.

"Ndugu yangu, nisamehe. Haya si mambo ya kuleta hapa. Lakini bamaso wangu, wale wanajenga kuta, hawajalipwa tangu mwezi jana, na Sista anasema bila saini yako hatoi sheki. Ni dekonte ya ine, kama zile tatu. Kazi ya milioni moja na nusu, uliipima mwenyewe mbele ya huu musiba."

Kweli alikuwa ameipima kabla ya msiba. Symphorien alishika karatasi kwa mikono miwili. Nilikuwa nimekaa karibu, niliona macho yake yakishuka kwenye namba. Kazi tangu msingi: milioni nne na nusu. Dhamana, kumi kwa mia: elfu mia moja na hamsini. Avansi, ishirini kwa mia: elfu mia tatu. Iliyokwisha lipwa: milioni mbili na elfu mia moja. Kila namba aliijua, hakuna iliyokuwa ngeni kwake.

"Muhuri iko biro," alisema.

Mimi ndiye niliyetumwa kuuleta. Nilikwenda mbio, nikarudi mbio, nikaushika wino wakati anagonga. Halafu nikaenda kupiga nakala safi, na chini kabisa nikapiga: "Inayolipwa sasa: zaire 1.950.000." Nakumbuka niliona ni nyingi kuliko kawaida. Nikajiambia mbao zimepanda bei. Mimi niliyejua mia, sabini.

Symphorien alirudi kazini mwanzoni mwa Julai, kichwa kimenyolewa, shati limepigwa pasi vibaya. Dekonte namba tano ilikuwa inamngoja mezani. Ilikuwa safi hata kwa mtu mgumu kama yeye. Kazi tangu msingi milioni sita. Dhamana ya yote, elfu mia sita. Avansi ya yote, milioni moja na elfu mia mbili. Iliyokwisha lipwa, milioni tatu na elfu mia moja na hamsini. Inayolipwa sasa, milioni moja na elfu hamsini. Kazi ya mwezi ule ilikuwa milioni moja na nusu, na sabini kwa mia ya milioni moja na nusu ni hiyo hiyo milioni moja na elfu hamsini. Mhakiki mwingine yeyote angegonga mhuri na kwenda kunywa chai.

Lakini Symphorien, kama nilivyosema, alikuwa mtu wa kuchosha. Ile namba ya "iliyokwisha lipwa" hakuwahi kuichukua kwenye karatasi ya mkandarasi. Alifungua kitabu cha sheki na kusoma vipande vinavyobaki kitabuni sheki zikishachanwa.

"Denise, nisomee. Macho yangu bado na machozi."

Nikasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akawa anaandika. Nikafika ya nne.

"Milioni moja na elfu mia tisa na makumi tano."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akaniomba kitabu, akasoma mwenyewe. Jumla ya sheki nne haikuwa milioni tatu na elfu mia moja na hamsini. Ilikuwa milioni nne na elfu hamsini. Tofauti yake, elfu mia tisa.

Akatoa dekonte ya nne kutoka kabatini, ile yenye mhuri niliouleta mimi. Aliitazama, halafu akanivutia kiti.

"Angalia namna walivyofanya," alisema polepole. "Kazi wamehesabu tangu musingi, milioni ine na nusu. Nazo malipo ya nyuma wameondoa, ni sawa. Lakini dhamana na avansi wamekata ya mwezi moja tu. Zile za miezi ya nyuma, elfu mia tatu ya dhamana na elfu mia sita ya avansi, zilikuwa zimekatwa kwa dekonte tatu. Hapa hazikatwi tena. Basi zimemurudilia mukononi."

"Si ni makosa ya karani wake?"

"Nataka iwe hivyo," alisema. "Nataka sana."

Kisha akaweka kidole kwenye dekonte ya tano, pale palipoandikwa milioni tatu na elfu mia moja na hamsini. Hakuhitaji kunieleza. Hiyo ndiyo namba ambayo ingekuwa imelipwa kama dekonte ya nne ingekuwa ya haki. Aliyeiandika alijua hesabu ya haki ilikuwa ngapi, na alijua pia alilipwa ngapi. Karani aliyekosea haandiki namba ile.

Symphorien aliweka mikono juu ya meza, akaitazama.

"Alikuja kwa mukeka yangu," alisema. "Alijua siku ile sitahesabu tangu musingi."

Tulikwenda Lubuye pamoja, nilimbebea faili. Alisema anataka kuhesabu vifaa kwanza, maana ndiyo kawaida. Mimi nilijua anaogopa kukutana na Apollinaire, anajipa muda. Mkataba ulihesabu vifaa vilivyofika pamoja na kazi, kwa hiyo alihesabu vyuma, akahesabu mabati, akafika kwenye mbao za milango. Dekonte ilisema mbao za mulombwa arobaini na sita, kila moja zaire elfu moja. Alihesabu arobaini. Akahesabu tena kuanzia upande wa pili. Arobaini.

Mlinzi wa depo alikuwa Évariste, kijana wa Nyunzu asiye na hila hata kidogo.

"Papa, zile sita njo za sanduku," alisema. "Niliandika. Sikuandika vibaya."

Akaleta kaye ya depo. Tarehe ilikuwa ya siku ya pili ya matanga. "Zimetoka: mbao sita mulombwa. Aliyechukua: Papa Symphorien, kwa sanduku ya bibi." Évariste alikuwa ameambiwa aandike hivyo, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule.

Basi nikaona jambo lile lote, nikasikia hasira imenipanda mpaka masikioni. Mbao sita zile zile zilikuwa mahali patatu. Katika kaye yangu ya matanga zilikuwa zawadi. Katika kaye ya depo zilikuwa zimechukuliwa na Symphorien. Katika dekonte zilikuwa bado depo, zinadaiwa kwa masista, na kwa dekonte ya nne zilikwisha lipwa. Mtu alilia juu ya mbao na huku anazidai kwa masista.

Apollinaire alitukuta pale pale. Alipoona kaye mkononi mwa Symphorien hakubadilika uso. Alimshika bega, akamvuta mbali kidogo, lakini si mbali kiasi cha mimi kutosikia.

"Ndugu yangu, nilikuwa na deni Lubumbashi. Walitaka kuchukua lori yangu. Nitairudisha yote mbele ya kumaliza hii nyumba, nakuapia kwa ubatizo wetu. Weye acha ile namba vile iko."

"Ungeniomba," alisema Symphorien.

"Ungekatala."

"Ningekatala, ndiyo. Lakini ungeniomba."

Apollinaire aliondoa mkono begani. Sauti yake haikupanda. Ilikuwa sauti ya mtu anayetoa shauri.

"Ukiandika ile elfu mia tisa, Sista atauliza nani alisaini ya ine. Weye njo ulisaini. Watauliza na mbao, na hii kaye iko na jina yako. Hiyo nyumba unayolala ni ya masista. Miaka kumi na saba ya kazi, Symphorien. Fikiri."

Symphorien alimrudishia Évariste kaye yake, akamshukuru, akatembea mpaka barabarani. Tulipofika biro aliniuliza kama Apollinaire alilia kweli siku ile ya sanduku, au yeye ndiye aliyeona vibaya. Nilimwambia alilia. Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko yote.

Kesho yake alikuja biro mapema kuliko mimi. Dekonte ya tano ilikuwa mezani, imejaa wino wake mwekundu. Kazi na vifaa tangu msingi aliviweka milioni tano, elfu mia tisa na tisini na nne, maana ameondoa mbao sita. Akakata dhamana ya yote, akakata avansi ya yote, ikabaki milioni nne, elfu mia moja na tisini na tano, na mia nane. Akaondoa milioni nne na elfu hamsini zilizokwisha lipwa, kama kitabu cha sheki kilivyosema. Inayolipwa sasa: zaire 145.800.

Kwenye sehemu ya maelezo alikuwa ameandika mistari miwili, nikaipiga kama ilivyo. Mstari wa kwanza: "Dekonte ya nne ilizidi kwa zaire 900.000, na mimi niliisaini bila kukagua." Mstari wa pili: "Mbao sita hazipo depo. Zipo makaburini, ni sanduku la mke wangu." Nilipofika hapo mashine ilinisumbua, ikabidi nianze karatasi upya.

Sista Élisabeth alisoma akiwa amesimama. Mara hii alisoma namba, moja moja, na kidole.

"Kwa hiyo hizo elfu mia tisa zimepotea?"

"Hazikupotea, Ma sœur. Dekonte hii inazirudisha yote. Njo maana inayobaki ni kidogo hivi."

"Papa Symphorien," alisema, "mimi nilikuwa nasaini kwa kuamini saini yako."

 

Apollinaire aliitwa. Alikuja na kofia mkononi, akasikiliza, akasikitika. Alisema ni makosa ya hesabu, karani wake ni mgeni, ashukuriwe Mungu yamegunduliwa mapema, yeye anaikubali dekonte kama ilivyokaguliwa. Kuhusu mbao alisema alitaka kumsitiri rafiki aliyefiwa, akachanganya makaratasi kwa huzuni. Nilisema tu kwamba kwenye kaye ya matanga niliandika ni zawadi. Sista alinitazama kwa upole, akasema basi jambo limejirekebisha: mbao zimeondolewa kwenye dekonte, masista hawakuzilipa, kwa hiyo ni mali ya Papa Apollinaire, na zawadi yake ni zawadi kweli.

"Umushukuru, Papa Symphorien," alisema. Alimaanisha mema. Mpaka leo nikilikumbuka neno lile nasaga meno.

Nyumba ya wazazi ilikuwa imepita nusu, hakuna aliyetaka mkandarasi mwingine. Apollinaire akaendelea. Wafadhili waliandikiwa kwamba kulikuwa na kosa la mhakiki, nalo limesahihishwa. Mhuri ulipewa François, mhasibu wa shule ya masista, na Symphorien akapelekwa kupokea saruji bandarini na kuhesabu mifuko. Nyumba walimwachia. Mshahara ukashuka. Wamasoni, wale waashi wa Apollinaire, mwezi ule walilipwa nusu, na waliambiwa aliyekata ni Symphorien. Akipita Lubuye walikuwa wanaendelea kuchanganya udongo bila kumsalimia, watu aliokula nao.

Apollinaire ndiye aliyeendelea kumsalimia. Alipunga mkono kutoka kwenye lori, "Ndugu yangu", mbele ya watu, kwa sauti ya furaha.

Mwezi wa Oktoba Symphorien alikuja biro mchana, François akiwa hayupo. Baiskeli aliyokuja nayo kazini miaka yote hakuwa nayo. Nikajua ameiuza, kwa sababu alikuwa na vumbi mpaka magotini na bahasha nene mfukoni.

"Denise, nipigie karatasi moja. Nipigie sawa na dekonte."

Nikaweka karatasi. Akasema maneno, nami nikapiga. Mbao sita za mulombwa, kila moja zaire elfu moja: 6.000. Dhamana: hakuna. Avansi: hakuna. Iliyokwisha lipwa: hakuna. Inayolipwa sasa: zaire 6.000. Mlipaji, Symphorien Kilumba. Mpokeaji, Apollinaire. Nilimwambia kwamba hadaiwi, kwamba hata Sista amesema. Alingoja nimalize kusema, halafu akaniomba nimsindikize, anataka shahidi anayejua kusoma.

Tulimkuta Apollinaire Lubuye, mbele ya mlango mpya wa mulombwa. Symphorien alimpa bahasha na karatasi. Apollinaire alisoma, akacheka kidogo, akaona sisi hatucheki.

"Ndugu yangu, mimi nilikupa."

"Hesabu," alisema Symphorien.

Alihesabu. Zilitimia. Alisaini juu ya goti lake, na kalamu ilitoboa karatasi mahali pamoja. Symphorien aliipulizia wino ukauke, akaikunja, akaiweka mfukoni. Kisha akatoa kaye ya matanga, ile niliyoandika mimi, akanipa kalamu. Nikafungua ukurasa ule, nikakata mstari wa kwanza, na chini yake nikaandika: "Papa Symphorien, sanduku."

"Sasa Pascasie analala kwa mbao zangu," alisema, na tukarudi kwa miguu.